Koo Linavuma, Kinywa Kinatamka: Kwa Nini Maneno ya Soprano Hupotea Juu

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya walimu wa kwaya na walimu wa Kiswahili waliokutana hapa Mwanza. Walioshindwa kufika wameomba maneno yenyewe, basi nimeyaandika kama yalivyosemwa, bila ile michoro iliyooneshwa ukutani.

Mwangaluka!

Nimewasikia wa Nyamagana, nimewasikia wa Ilemela. Ndugu zetu wa Ukerewe mliovuka ziwa ili muwe nasi, mwangaluka na nyinyi. Wazee wangu mliokaa huku mbele, shikamooni.

Ndugu walimu, nimekuja na swali moja, nanyi mnalijua kuliko mimi. Kwa nini soprano wakipanda juu sana maneno yanapotea? Kanisa zima linasikia sauti tamu, watu wanapiga vigelegele, lakini mshike mkono mtu mlangoni umuulize, "Wameimba nini pale juu?" Hajui. Na mwalimu wa kwaya hufanya nini? Hugonga meza. "Tamkeni! Mnakula maneno!" Leo nataka kuwaonesha kwamba mara nyingi wale dada zetu hawajala neno lolote. Wametamka sawasawa, ila neno limekosa sauti ya kulibeba. Ili tufike huko juu, inabidi tuanzie chini, kooni.

Kila mtu aweke vidole viwili hapa kwenye zoloto. Wanaume wengi mnaliona linachomoza. Haya, semeni "sss" ndefu. Kuna kinachotikisika? Hakuna. Sasa semeni "zzz". Eeh! Mmeusikia huo mtetemo? Walimu wa Kiswahili mnawafundisha watoto kwamba "z" ni sauti ghuna na "s" si ghuna. Ulimi uko palepale, meno yako palepale. Kilichoongezeka ni huo mtetemo mlioushika kwa vidole.

Unatoka wapi? Ndani ya zoloto kuna mikunjo miwili ya nyama laini, inayotazamana kushoto na kulia, tunayoiita nyuzi za sauti. Kwa mwanamume ina urefu wa kama sentimita moja na nusu, kwa mwanamke ni mifupi zaidi. Ukipumua kawaida inaachana, hewa inapita kimya. Ukitaka kusema unaisogeza ikutane. Hewa ya mapafuni inafika chini yake, inakuta mlango umefungwa, inasukuma, mlango unapasuliwa kutokea chini na hewa inachoropoka. Ikishachoropoka presha inashuka, na mikunjo kwa unyumbukaji wake inarudi kugongana. Presha inajijenga tena, mlango unafunguka tena. Mwanamume anayeongea kawaida, hilo linatokea kama mara 120 kwa sekunde moja. Mwanamke, kama mara 210. Mtoto mdogo, zaidi ya hapo.

Mara 120 kwa sekunde! Je, ni ubongo unaoagiza kila mfunguko, fungua, funga, fungua, funga? Hapana, na kuna jaribio la zamani linalotuonesha hivyo. Katika karne ya 19, huko Berlin, mwanafiziolojia Johannes Müller alichukua zoloto la maiti, akalifunga mahali pake, akapuliza hewa kutoka chini. Likalia. Fikirini, walimu wangu. Mwenyewe amekufa, ubongo hauagizi, neva hazifanyi kazi, na bado nyuzi zinatetema kwa sababu kuna hewa na kuna nyama inayonyumbuka. Kazi ya ubongo na misuli ni kuziweka nyuzi mahali pake na kuzikaza au kuzilegeza. Ukizikaza na kuzivuta zirefuke, zinatetema haraka zaidi na sauti inapanda. Ukizilegeza, inashuka.

Lakini ninalotaka mlishike hasa ni hili. Lile zoloto la maiti lilisema "a"? Lilisema "i"? Halikutamka irabu yoyote. Lilitoa mlio tu. Müller alipoongeza mrija juu yake, ndipo mlio ukaanza kufanana na sauti ya mtu. Kooni kwako, hata sasa ninapoongea, hakuna "a", hakuna "i", hakuna "u". Kuna mvumo.

Sasa mvumo huo si sauti moja nyembamba. Ukitetema mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110, ambayo ni noti ya chini ya besi, ndani yake mna pia 220, mna 330, mna 440, na kuendelea hadi kwenye maelfu. Walimu wa hesabu mngesema ni vigawe vya 110. Vyote vinalia kwa pamoja, na kila unavyopanda vinafifia. Vile vya juu vinaletwa hasa na ule mgongano wa nyuzi zinapojifunga ghafla. Nyuzi zisipojifunga vizuri, hewa ikawa inavuja, vigawe vya juu vinapungua na unapata ile sauti yenye upepo tunayoisikia kwa wanakwaya wapya.

Basi, tuna mvumo wenye vigawe vingi, usio na irabu. Irabu inatoka wapi?

Nyote mmekulia kando ya ziwa au mmeshapanga foleni bombani. Mnajua dumu linavyolia likijazwa maji. Linaanza na sauti nzito, halafu inapanda, inapanda, mpaka hata ukiwa umelipa mgongo unajua limekaribia kujaa. Mfereji haujabadilika. Kilichobadilika ni nafasi ya hewa iliyobaki ndani. Hewa iliyofungiwa mahali ina masafa yake inayoyaitikia kwa nguvu, na mengine inayaacha yapite kinyonge. Nafasi ikifupika, masafa hayo yanapanda.

Kutoka kwenye nyuzi za sauti mpaka kwenye midomo, mwanamume mzima ana njia ya hewa yenye urefu wa kama sentimita 17 na nusu. Chini, kwenye nyuzi, ni kama imefungwa. Juu, midomoni, iko wazi. Njia ya namna hiyo, kama ina upana uleule kote, huitikia kwanza wimbi ambalo robo yake inaenea ndani yake. Sauti katika hewa yenye joto na unyevu wa mwilini huenda kama mita 350 kwa sekunde. Gawanyeni 350 kwa mara nne ya 0.175. Mnapata hezi 500. Halafu inaitikia mara tatu yake, 1500, na mara tano yake, 2500. Wataalamu huviita vilele hivyo formanti. Mimi leo nitasema kilele cha kwanza na kilele cha pili, inatutosha.

Lakini nani ana kinywa chenye upana mmoja kote? Pelekeni ulimi mbele na juu, karibu na kaakaa gumu, mseme "iii". Kilele cha kwanza kimeshuka hadi kama 300, na cha pili kimepanda hadi kama 2300. Shusheni taya, ulimi ulale chini, "aaa". Cha kwanza kimepanda hadi kama 700, cha pili kiko kama 1200. Rudisheni ulimi nyuma, viringeni midomo, "uuu". Cha kwanza 300, cha pili 800 na kitu. Hizo ni za mwanamume, na kila mtu ana tofauti zake ndogondogo. Sikio linatambua irabu kwa mahali vilele hivyo viwili vilipo.

Hili watu wamelihangaikia muda mrefu. Mwaka 1779 Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg kilitangaza shindano: elezeni irabu tano zinatofautiana kwa nini, kisha tengenezeni chombo kinachozitoa. Mshindi alikuwa Christian Kratzenstein, profesa wa Copenhagen. Alitengeneza mirija mitano yenye maumbo tofauti, mmoja kwa kila irabu. Irabu tano! Mwalimu wa Kiswahili angejiona yuko nyumbani. Mrija wa "i" aliupuliza moja kwa moja, lakini mingine aliipa kipande chembamba kinachotetema mahali pa nyuzi za sauti. Umbo la mrija ndilo lililoamua irabu. Mwaka 1941, Tokyo, Chiba na Kajiyama walipima njia ya sauti ya watu wanaotamka irabu, wakaonesha kwa hesabu jinsi umbo lile linavyozaa vilele vile. Na mwaka 1960, Msweden Gunnar Fant, akitumia picha za eksirei za Mrusi mmoja akitamka, aliikamilisha nadharia katika sura tunayoitumia mpaka leo: chanzo ni koo, chujio ni njia iliyo juu yake, na mambo haya mawili unaweza kuyahesabu mbalimbali kisha ukayaunganisha.

Mbalimbali! Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo. Koo likibadilika, kinywa si lazima kibadilike. Kinywa kikibadilika, koo si lazima libadilike.

Nipeni besi wote. Imbeni "i" kwenye ile noti ya 110. Vizuri. Vigawe vyenu vilivyokaribia vilele vya "i" ni 330 na 2310. Hivyo ndivyo vinavyovuma, vingine vinabaki chini. Sasa pandeni hadi 165, mdomo usitikisike. Vigawe vyote vimehama: 165, 330, 495, na kuendelea. Lakini kagueni kwenye vilele: 330 ipo, na 165 mara 14 ni ngapi? Ni 2310. Noti mpya, mvumo mpya, na kila mtu humu ndani bado amesikia "i". Koo limehama, "i" imebaki.

Sasa wote nong'oneni: a, i, u. Mmezisikia? Wekeni vidole kooni mnong'one tena. Hakuna mtetemo! Nyuzi zimesogeleana bila kutetema, hewa inapita kwa kukwaruza, na kinywa kimeuchukua mkwaruzo huo kikautengeneza irabu zilezile. Mmeondoa mvumo kabisa, irabu zimebaki.

Pale Kirumba, soko la samaki la Mwaloni, nina dada ninayenunua kwake dagaa. Siku moja nilimkuta sauti imemkauka kabisa kwa kunadi tangu alfajiri siku nyingi mfululizo. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu, na bado aliniambia bei, akanipunguzia, akanieleza dagaa walivyokauka vizuri, na sikupoteza neno hata moja. Nyuzi zilizovimba hazikutani sawasawa, kwa hiyo hazivumi. Ulimi na midomo haina kosa. Mwalimu, huko kwako unaweza kupima vivyo hivyo. Mwanakwaya ambaye noti zinakatika na sauti ina mikwaruzo, lakini maneno yanasikika, shida yake iko chini, kooni. Mwingine ana mvumo safi, noti inasimama, lakini "e" yake inasikika kama "i", huyo shida iko juu, kwenye taya na ulimi. Usimpe wa kwanza mazoezi ya matamshi, wala wa pili mazoezi ya pumzi. Na yule wa kwanza, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, usimwache na tangawizi na asali. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, nyuzi zikatazamwe.

Wasukuma wenzangu, sisi tuna jambo la ziada. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba. Kati ya "i" na "e" tunayo nyingine, na kati ya "u" na "o" tunayo nyingine. Hiyo ni kazi ya chujio: kilele cha kwanza kinasogezwa kidogo tu, na mgeni asiyelizoea sikio lake halimpi tofauti. Halafu Kisukuma kina toni, maneno yanaweza kutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na hiyo ni kazi ya koo. Lugha moja inatumia mikono yote miwili. Anayetunga wimbo wa Kisukuma akipeleka noti juu mahali ambapo neno linashuka, ameligusa neno lenyewe, hata kama irabu zote zimetamkwa sawa. Kwa Kiswahili mtunzi ana nafasi kubwa zaidi, maana Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni.

Haya, sasa tupande kwa soprano.

Nilialikwa kwenye mazoezi ya kwaya moja hapa mjini. Wimbo mpya, ufunguo ni F, na mtunzi alikuwa ameliweka neno "aliumba" kileleni kabisa, silabi ya "u" kwenye do ya juu. Mwalimu akasimamisha kwaya mara kwa mara: "Sisikii 'aliumba'! Nasikia 'aliamba'!" Soprano wakarudia. "Aliamba." Wakakazana na midomo. "Aliamba." Dada mmoja akasema kwa unyonge, "Mwalimu, mimi natamka 'u'." Na alikuwa anatamka. Nilikaa karibu naye, niliiona midomo yake imeviringa.

Tuhesabu pamoja. Do hiyo ya juu katika F ni kama hezi 698, tuseme 700. Vigawe vyake ni vipi? 700, 1400, 2100, 2800. Basi. Huko chini ya 700 kuna nini? Hakuna kitu. Sasa mwanamke ana njia fupi kuliko mwanamume, kwa hiyo vilele vyake viko juu kidogo: "u" yake ina kilele cha kwanza kama 370 na cha pili kama 950. Angalieni kwenye orodha. Karibu na 370, kuna kigawe? Hakuna. Karibu na 950? Hakuna, kimoja kiko 700 na kinachofuata kiko 1400. Kinywa kimeandaa vilele viwili vya "u" kwa uaminifu kabisa, na koo halikupeleka kitu cha kuviamsha. Na "i"? Kilele chake cha kwanza ni kama 310. Hakuna kitu pale. Lakini "a" ya mwanamke ina kilele cha kwanza kama 850, na ile 700 inakigusa. Ndiyo maana mwalimu alisikia "aliamba". Sikio lake lilipewa sauti inayokaribia "a", likaandika "a".

Besi pale chini ana kigawe kila baada ya hezi 110, vimesongamana, kila kilele kinapata chake. Soprano akiwa 700, vigawe vyake vimeachana mno, na vilele vingi vinaangukia katikati, patupu. Ni noti ileile iliyompa uzuri inayomnyima irabu.

Kwa hiyo ile kanuni niliyowasisitizia, kwamba koo na kinywa ni mbalimbali, ina mpaka. Umbo la kinywa halijategemea noti, hilo ni kweli hata hapa juu. Lakini sikio halilioni umbo. Linasikia vigawe tu, na vigawe vikiwa vichache, umbo halisomeki. Tena kuna mpaka wa pili: kigawe kikifika palepale kwenye kilele cha kwanza, hewa ya juu huweza kurudisha msukumo wake kwenye nyuzi zenyewe, na kwa waimbaji wengine sauti huyumba au kupasuka hapo. Wahandisi wakihesabu usemaji wa kawaida hili hulipuuza na hawapati hasara kubwa. Kwenye uimbaji haliwezi kupuuzwa.

Mfanye nini basi?

Tatizo halianzi ghafla pale 700. Kwa "i" na "u" linaanza noti ikishapita kilele cha kwanza, yaani kuanzia kwenye F ya katikati kuelekea juu, mwanzoni kidogokidogo, kisha kwa nguvu. "E" na "o" zinavumilia zaidi kwa kuwa kilele chao cha kwanza kiko juu zaidi. "A" ndiyo inayovumilia kuliko zote. Mtunzi, ukitaka neno lisikike, neno lenye "i" au "u" usilitie kileleni kwa mara ya kwanza. Litaje kwanza chini, kwa alto au teno, au hata kwa soprano wenyewe kwenye mstari wa mwanzo, halafu wapande nalo. Msikilizaji akishalijua, sikio lake litamkamilishia. Kule juu weka "a": haleluya ina "a" mwanzoni na mwishoni, na "Bwana" ni "a" tupu. Sidhani kama ni bahati tu kwamba maneno hayo yanakaa vizuri juu.

Na nyinyi soprano, kule juu fungueni taya, hata kama neno ni "u". Taya likishuka, kilele cha kwanza kinapanda kuifuata noti, na sauti inapata nguvu bila kusukuma koo. Waimbaji waliofunzwa hufanya hivyo, na wapimaji wamelithibitisha. Irabu haitarudi kwa kufanya hivyo, nawaambieni wazi, lakini ilikuwa imeshaondoka. Kukaza midomo kunawachosha tu na kuipunguza sauti. Konsonanti ndizo zitakazowaokoa. "Mb" ya "umba" itoeni wazi, ifungeni midomo kabisa kabla ya kuifungua, maana msikilizaji anaisoma hiyo pale ambapo irabu haisomeki.

Sasa naomba soprano wapande hapa mbele, sita wanatosha. Wengine mgeuze viti mtazame mlango, msiwaone midomo, kila mmoja na kalamu na karatasi. Wataimba maneno matatu kwa mpangilio watakaoujua wao peke yao: imba, omba, umba. Kwanza kwenye do ya chini ya F, kisha kwenye do ya juu. Andikeni mnachokisikia, halafu tutahesabu waliopatia chini na waliopatia juu. Mpiga kinanda, tupe F.